Kumwandikia Mwitaliano: "tu", "Lei" au "voi"?

Huko Watamu na Malindi, msimu wa wageni unapoanza, ujumbe wa namna hii ni wa kawaida: "Habari za asubuhi, Mama. Chumba chako kiko tayari. Tafadhali nitumie nambari ya ndege na saa utakayofika. Dereva atakusubiri nje akiwa na kibao chenye jina lako. Ukichelewa usijali, nipigie. Karibu sana."

Kwa Kiswahili ujumbe huu hauna kasoro. Adabu yake imekaa mahali pake, kwenye salamu, kwenye "Mama", kwenye "tafadhali" na kwenye "karibu". Tuseme anayeuandika ni msimamizi wa nyumba ya wageni, na anayeandikiwa ni mwanamke wa Milano aliyekodi chumba kwa wiki mbili, hawajawahi kuonana. Kazi inaanza pale ujumbe unapotakiwa kwenda kwa Kiitaliano. Kabla ya kuandika kitenzi cha kwanza, mfasiri lazima aamue jambo ambalo Kiswahili hakikumwuliza: huyu mama na msimamizi wako karibu kiasi gani?

Kiitaliano kina njia tatu za kumsemesha mtu. Kuna "tu", ambayo haihusiani na "tu" ya "maji tu": ni "wewe" wa mtu mmoja aliye karibu, ndugu, rafiki, mtoto, mwenzako wa darasani. Kuna "Lei", ya mtu mmoja ambaye bado hamjakaribiana. Na kuna "voi", ya watu wawili au zaidi, wa karibu na wa mbali kwa pamoja. Mtu anaweza kudhani atakwepa uamuzi kwa kutolitaja neno lenyewe, maana Waitaliano mara nyingi huliacha. Haitamsaidia. Kama ilivyo kwa Kiswahili, kitenzi cha Kiitaliano hubeba nafsi ndani yake, hivyo hata sentensi isiyo na "tu" wala "Lei" humfichulia msomaji mara moja ni lipi lililochaguliwa.

Pwani ya Kenya ina sababu yake ya kulijua jambo hili. Waitaliano walianza kuonekana kwa wingi eneo la Malindi katika miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni chini ya mhandisi Luigi Broglio. Mwaka 1967 satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka huko. Baada ya wahandisi walikuja watalii, wenye mahoteli na wastaafu. Leo Kiitaliano kinasikika sokoni, kwenye tuktuk na ufukweni, na wengi wanaokizungumza hawakukisoma darasani. Walikiokota kwa sikio. Na sikio la ufukweni huokota "tu", kwa sababu mtalii aliye likizoni, miguu ikiwa mchangani, humwambia kila mtu "tu", na vijana wa burudani katika hoteli za Kiitaliano nao humwita kila mgeni kwa jina lake la kwanza na kumsemesha kwa "tu". Kwa mazungumzo ya ufukweni inatosha kabisa. Ujumbe wa maandishi kwa mtu ambaye bado yuko nyumbani kwake Milano, hajapanda ndege wala hajavua viatu, ni habari nyingine.

"Lei" ndiyo inayowasumbua Waswahili zaidi, na inafaa kueleza ilikotoka, maana asili yake inafafanua sarufi yake. Kwa maana ya kawaida neno hilo ni "yeye" wa kike. Zamani watu wakubwa wa Italia hawakuambiwa "wewe" bali walitajwa kwa cheo: "Vostra Signoria", yaani ubwana wenu, au "Vostra Eccellenza", utukufu wenu. Majina hayo ya vyeo ni ya jinsia ya kike katika sarufi ya Kiitaliano, hivyo kiwakilishi chake kikawa "yeye" wa kike, na kufikia karne ya 16 desturi hiyo ilikuwa imeenea. Mswahili hana haja ya kushangaa sana. Mtu akisimama mbele ya mbunge wake na kumwuliza, "Mheshimiwa anasemaje?", amefanya jambo lile lile: anamsemesha aliye mbele yake kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Tofauti ni kwamba kwa Waitaliano mtindo huo ulishuka kutoka kwa wakubwa hadi kwa mwuza mkate.

Ndiyo maana mwanamume mwenye ndevu zake huambiwa "La ringrazio, signor Rossi", nakushukuru, bwana Rossi, ambapo "La" ni ya kike. Hakuna Mwitaliano anayeiona ajabu. Sifa na vitenzi vinavyoonyesha jinsia, hata hivyo, kwa kawaida humfuata mtu mwenyewe: mwanamume huambiwa "Lei è stato molto gentile", mwanamke "Lei è stata molto gentile". Katika barua wengi bado huandika "Lei", "La", "Le" na "Suo" kwa herufi kubwa. Siku hizi si lazima, na barua pepe nyingi za kazini haziifuati, lakini herufi kubwa haijawahi kumuudhi mtu.

Sasa kosa kubwa. Mswahili mwenye adabu, akishaelezwa kwamba "Lei" ni ya heshima, hutia "Lei" kila mahali ambapo angetia shikamoo. Hapo ndipo anapopotea. Heshima ya Kiswahili haisukumi mtu mbali. Mjukuu humwamkia bibi yake shikamoo kisha akamlalia mapajani. Mtoto wa Kiitaliano anampenda na kumheshimu bibi yake vile vile, lakini humwambia "tu", na akimwambia "Lei" bibi atadhani mtoto amenuna. Mungu mwenyewe, katika sala za Kiitaliano, huambiwa "tu". "Lei" hupima umbali. Umri na cheo vina sehemu yao katika umbali huo, lakini si umbali wenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "huyu ni mkubwa kwangu?" bali "huyu na mimi tumeshafunguliana mlango?" Daktari, mwalimu wa sekondari, karani wa manispaa, mwenye nyumba, mteja, jirani mzee wa ghorofa ya pili: wote hawa ni "Lei" mpaka itakapobadilishwa. Watoto wadogo wa shule ya msingi humwambia mwalimu wao "tu", na hakuna anayewakemea. Wanafunzi wa chuo wasiojuana huambiana "tu" papo hapo. Wafanyakazi wenzao ofisini siku hizi karibu wote ni "tu", mara nyingi hata na mkubwa wao, mabadiliko yaliyopata kasi baada ya vuguvugu la vijana la 1968.

Mama mkwe ni kisa cha peke yake. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam aliyeoa Italia atataka kumwandikia mama mkwe kwa "Lei", kwa kuwa malezi yake yanamwambia mkwe ni mtu wa kuinamiwa. Katika ujumbe wa kwanza kabisa yuko sahihi. Lakini mama akishajibu "Dammi pure del tu", yaani nisemeshe tu kwa "tu", kuendelea na "Lei" si unyenyekevu tena. Ni kumwambia mama kwamba mlango aliofungua hutaki kuupita.

Anayetangulia kufungua mlango huo, kwa desturi, ni mkubwa kwa umri au kwa cheo, au mteja mbele ya anayemhudumia. Kauli za kawaida ni "Possiamo darci del tu?" au "Diamoci del tu". Jibu ni "Volentieri", kwa moyo mkunjufu, na kuanzia sentensi inayofuata kila kitenzi kinabadilika. Kurudi nyuma hakupo. Mwitaliano aliyekuwa akikuambia "tu" akaanza ghafla kukuambia "Lei" anakuarifu kwamba mmekosana.

Kuna upande mchungu wa jambo hili ambao Waafrika wanaoishi Italia wanaufahamu. Mara nyingi mhamiaji huambiwa "tu" na karani au muuza duka ambaye dakika hiyo hiyo amemwambia "Lei" Mwitaliano aliyetangulia kwenye foleni. Anayefanya hivyo pengine anadhani anarahisisha lugha. Anayefanyiwa anasikia kwamba hakustahili ule umbali ambao mtu mzima mgeni hupewa. Tena lina madhara ya kisarufi: anayesikia "tu" pekee hujifunza "tu" pekee, na siku akimwandikia hakimu au mwalimu mkuu wa mwanawe anaonekana mkosefu wa adabu, kumbe anarudisha alichopewa.

Turudi kwa msimamizi wa Watamu na mgeni wake. Kabla ya kutafsiri, ni busara kusoma alichoandika mgeni mwenyewe, maana kwa kawaida ameshatoa jibu. Kama barua yake ilianza kwa "Ciao", ikasema "fammi sapere", nijulishe, na kumalizika kwa "Anna" bila jina la ukoo, anatumia "tu". Kama ilianza kwa "Buongiorno", ikasema "mi faccia sapere" na kumalizika kwa "Cordiali saluti" na majina mawili, ni "Lei". Kama aliandika kwa Kiingereza, ambacho hakionyeshi lolote, mwenye kutoa huduma aanze na "Lei". Kupanda kutoka "Lei" hadi "tu" ni furaha ya pande zote mbili, lakini aliyeanza na "tu" hana pa kurudi.

Tuseme huyu wetu alimaliza kwa "Cordiali saluti, Anna Rossi", Rossi likiwa jina la mfano kwa Waitaliano kama Juma lilivyo kwetu. Ujumbe unakuwa hivi:

"Buongiorno, signora Rossi. La Sua camera è pronta. Mi mandi, per favore, il numero del volo e l'orario di arrivo. L'autista La aspetterà all'uscita con un cartello con il Suo nome. Se dovesse fare tardi, non si preoccupi: mi chiami pure. La aspettiamo!"

"Mama" ya Kiswahili imekuwa "signora". Kumwita mgeni "mamma" kungekuwa kichekesho, kwa kuwa Kiitaliano humwita hivyo mzazi wake mtu peke yake. "Karibu sana" imekuwa "La aspettiamo", tunakusubiri. "Benvenuta" ingewezekana, lakini Mwitaliano hutarajia kuisikia anaposhuka garini, na mwisho wake hubadilika: "benvenuta" kwa mwanamke, "benvenuto" kwa mwanamume, "benvenuti" kwa wengi. Na "saa utakayofika" imekuwa nomino, "l'orario di arrivo", yaani saa ya kufika, hivyo mahali hapo hapahitaji tena nafsi yoyote. Mfasiri mzoefu hupenda njia hiyo. Kila kitenzi kinachoweza kugeuzwa nomino bila kuharibu maana kinampunguzia mtego mmoja.

Ujumbe huo huo kwa mgeni wa mwaka wa tatu mfululizo, anayetuma picha za paka wake kwa simu, ungekuwa hivi:

"Ciao Anna! La tua camera è pronta. Mandami, per favore, il numero del volo e l'orario di arrivo. L'autista ti aspetterà all'uscita con un cartello con il tuo nome. Se fai tardi, non preoccuparti: chiamami. Ti aspettiamo!"

Linganisha maombi. Kwa "Lei" ni "mi mandi" na "mi chiami", kile kijineno "mi" kikitangulia kitenzi. Kwa "tu" ni "mandami" na "chiamami", "mi" ikiwa imegandishwa nyuma. Hiyo ni alama rahisi kuliko zote ya kutambua ujumbe unatumia nini, hata kwa mtu ambaye Kiitaliano chake ni cha kubahatisha: "dimmi" ni "tu", "mi dica" ni "Lei", "scusami" ni "tu", "mi scusi" ni "Lei".

Lakini kuna mtego umejificha katika herufi ya mwisho. Vitenzi vingi vya Kiitaliano huishia na -are, kama "aspettare", kusubiri. Kwa maelezo ya kawaida, "tu aspetti" ni wewe unasubiri na "Lei aspetta" ni yeye, au wewe wa heshima, anasubiri. Ikija amri, herufi hizo hupishana: "aspetta!" ni amri ya "tu", na "aspetti!" ni amri ya "Lei". Anayejifunza huona "aspetti" kwenye jedwali la "tu" akadhani ni ya karibu, kisha anaandika "aspetta" kwa mkurugenzi wa benki akiamini amempa heshima. Kumbe amemwambia "ngoja" kama anavyomwambia mdogo wake. Vitenzi vya -ere na -ire hukaa kinyume cha hapo: "prendi" na "senti" ni amri za "tu", "prenda" na "senta" ni za "Lei". Hakuna njia ya mkato hapa isipokuwa kuzikariri zile zinazotumika kila siku, "scusi", "aspetti", "mi dica", "venga", "prenda", "si accomodi", ambazo kwa bahati nzuri hazizidi mkono na nusu.

Kosa linaloonekana zaidi kuliko kuchagua vibaya ni kuchanganya. "Buongiorno signora, mandami il Suo numero di volo" ni sentensi iliyovaa suti juu na kaptura chini. Mwitaliano angeisamehe "tu" ya moja kwa moja kutoka kwa mgeni wa lugha. Mchanganyiko humfanya asimame na kujiuliza kama anadharauliwa au anabembelezwa. Unatokea kwa sababu mfasiri huanza kwa uangalifu, anafika katikati akili ikiwa kwenye maana, na kile alichozoea kukisikia ufukweni kinamponyoka. Dawa yake ni kurudi kwenye Kiswahili na kupigia mstari kila mahali panapomgusa msomaji. Katika ujumbe wetu ni chako, nitumie, utakayofika, atakusubiri, lako, ukichelewa, usijali, nipigie na karibu. Ni mahali tisa. Kisha kila pamoja pakaguliwe upande wa Kiitaliano: pameandikwa kwa "Lei", au pamegeuzwa nomino, au pametoroka?

Kati ya hizo mbili ipo njia ya katikati ambayo Mswahili ataipenda: "signora" pamoja na jina la kwanza, na kitenzi kwa "Lei". "Signora Anna, come sta?" ndivyo wanavyosemesha wanawake wengi wanaotunza wazee majumbani Italia, na wauza duka wanaomjua mteja kwa miaka. Inafanana sana na "Bi Anna, hujambo?" Ina joto la jina na umbali wa kitenzi. Kwa mwanamume ni "signor Paolo", na "signore" hupoteza "e" yake ya mwisho mbele ya jina. Katika nyumba ndogo ya wageni, kuanzia siku ya pili au ya tatu, pengine hakuna usemi unaofaa kuliko huo. Kwa mtu aliyesoma chuo kikuu, hata kama si tabibu, "dottore" au "dottoressa" hutumika, na wapo wanaolitarajia.

"Lei" ina udhaifu mmoja ambao Kiswahili hakina. "Suo" ni "yako" ya heshima, lakini pia ni "yake". Msimamizi akitaka kusema "Binti yako amesahau simu yake", na akaandika "Sua figlia ha dimenticato il suo telefono", mama anaweza kuuliza: simu yangu au simu ya binti? Kwenye maandishi herufi kubwa na ndogo husaidia kidogo. Kwa sauti hazisaidii kitu. Katika hali hiyo mfasiri huivunja sentensi: "Sua figlia ha dimenticato qui un telefono", binti yako amesahau simu hapa, kisha anaieleza rangi yake na mambo yanaisha.

Sasa tuje kwenye "voi", na hapa Mswahili ana bahati aliyonyimwa Mwingereza. "You" ya Kiingereza ni mtu mmoja, ni mume na mke, ni basi zima la watalii. Kiswahili hutenganisha: chumba chako, chumba chenu; utafika, mtafika. Hatari inakuja kwa wale wanaopitia Kiingereza njiani, kama inavyofanyika katika ofisi nyingi za utalii. "Mtafika lini?" inageuka "When will you arrive?", na anayefuata anaandika "Quando arrivi?", kana kwamba mke hakualikwa. Aliyeandika Kiswahili alishatoa idadi, na idadi hiyo imepotea kwa kupitia nyumba ya tatu. Anayetafsiri kutoka Kiingereza moja kwa moja hana budi kumwuliza mtumaji: wageni ni wangapi?

Wakiwa wawili au zaidi, suala la umbali linayeyuka karibu lote, kwa sababu wingi wa "tu" na wingi wa "Lei" vyote siku hizi ni "voi". Ipo "Loro", wingi wa heshima kubwa, lakini imebaki kwa wahudumu wa mahoteli ya kifahari na barua za sherehe, na kwa nyumba ya wageni ya Watamu ingesikika kama tarumbeta chumbani. "Le vostre camere sono pronte. Mandatemi, per favore, il numero del volo. L'autista vi aspetterà all'uscita. Se fate tardi, non preoccupatevi: chiamatemi pure. Vi aspettiamo!" Ujumbe huo unafaa kwa marafiki na unafaa kwa bwana na bibi Rossi. Kinachobaki kutofautisha ni salamu: "Ciao a tutti" kwa wa kwanza, "Gentili signori" au "Buongiorno" kwa wa pili.

"Voi" pia ni ya taasisi. Kampuni huandikiwa "Vi inviamo in allegato", tunawatumia kwa kiambatisho, hata kama atakayeifungua barua ni karani mmoja. Kiswahili cha ofisini hufanya vivyo hivyo kinaposema "tunaomba mtujulishe", kwa hiyo hapa tafsiri huteleza bila kukwama. Parokia za Kenya, ambako wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika mwaka 1902, zina uzoefu wa barua za aina hii: wafadhili kwa pamoja wataambiwa "Cari amici, vi ringraziamo", wakati padri wao ataandikiwa peke yake, "Caro don Paolo, La ringrazio".

Limebaki jambo moja la kushangaza kuhusu "voi". Kusini mwa Italia, hasa Napoli na maeneo ya jirani, bado kuna wanaomwambia mtu mmoja "voi" kwa heshima. Mgeni mzee wa huko akimwandikia msimamizi "Come state?", hajawauliza hali wafanyakazi wote. Anamheshimu yeye. Kumjibu kwa "Lei" ni sahihi na hakuna atakayenuna. Kuiga "voi" hiyo na kuitumia kwa watu wa Milano au Torino ndiko kusikofaa, na sababu moja ni ya kisiasa. Mwaka 1938 mwandishi Bruno Cicognani alichapisha makala katika gazeti la Corriere della Sera akiishambulia "Lei" kuwa ya kigeni na ya kitumwa. Utawala wa Mussolini ukalidaka wazo hilo, ukaamuru "voi" itumike badala yake katika chama na katika ofisi za serikali. Jarida la wanawake lililoitwa Lei likabadili jina na kuwa Annabella, ingawa jina lake lilimaanisha tu "yeye mwanamke". Mchekeshaji Totò anahusishwa na utani kwamba hata Galileo Galilei sasa aitwe Galileo Galivoi. Utawala ulipoanguka, "Lei" ilirudi, na "voi" ya mtu mmoja ikabakia kusini, ambako ilikuwapo kabla ya Mussolini.

Mahali ambapo Kiitaliano humruhusu mfasiri kukwepa yote matatu ni kwenye matangazo ya ukutani. Kiswahili cha nyumba ya wageni husema "Usitupe karatasi chooni". Tafsiri ya kawaida ni "Si prega di non gettare carta nel WC", inaombwa karatasi isitupwe, bila kumlenga mtu yeyote. Ikiwa nafasi ni ndogo, "Non gettare carta nel WC" inatosha, na ina urahisi wake: amri ya kukataza ya "tu" na umbo la kitenzi lisilo na nafsi huandikwa sawasawa, kwa hiyo bango moja linasomeka vizuri na profesa na mwanawe. Amri isiyo ya kukataza haina nafuu hiyo. "Zima taa ukitoka" ikiandikwa "Spegni la luce quando esci" ni "tu" kamili, na bango linalotaka kubaki la watu wote huandikwa "Spegnere la luce all'uscita".